Tawi la Mengineyo

Jumanne, tarehe kumi na nne, mwezi wa saba. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna, mawingu yamekaa chini kama dari iliyolowa. Siku hiyo Hesabu alikwenda kwenye usaili wake wa mwisho.

Hesabu si jina lake la kuzaliwa. Ni jina alilopewa na watu wa jengo letu akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Mwaka ule maji yalikuwa ya mgawo, na watu wazima walikuwa wakigombana kwenye tangi mpaka kushikana mashati. Yeye akachukua chaki, akachora mistari sakafuni, kila nyumba na mstari wake, akasimama pale mikono kiunoni. Hakuna aliyebisha tena. Tangu siku hiyo, likitokea la kutatanisha, watu husema, "Muiteni Hesabu."

Sasa ana miaka ishirini na minane, ni mhasibu kwenye duka la vipuri vya magari, na anaishi na baba yake katika vyumba viwili vilivyo jirani na changu. Tunatenganishwa na ukuta mmoja, tena mwembamba. Baba yake tunamwita Fundi. Maisha yake yote alikuwa akitengeneza lifti. Mtu akimuuliza alifanya kazi gani, husema, "Nilikuwa na kazi ya kupanda na kushuka, na mpaka nastaafu sijafika popote." Mkewe alifariki binti akiwa kidato cha pili. Hakuoa tena. Alijifunza kusuka nywele za mtoto wake kwa vidole vile vile vya kufungulia nati, na hazikuwa mbaya.

Mwaka jana figo za Fundi zilikataa kazi, zote mbili. Tangu hapo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa huenda kituoni kusafishwa damu. Anafungwa kwenye mashine saa nne nzima, anarudi nyumbani amekunjamana kama nguo iliyotoka kukamuliwa. Maji anakunywa kwa kipimo. Kiu ikimzidi hupewa kipande cha barafu akimung'unye taratibu. Mkoba wake wa kituoni una shuka, soksi nzito na redio ndogo, na kila usiku wa kuamkia siku ya mashine Hesabu huuweka mlangoni.

Sasa usaili. Kuna kampuni ya washauri wa biashara, ina ofisi mjini kwenye jengo refu la vioo. Watu wake huitwa na mashirika yaliyokwama, wakaja kutafuta kilichokwama na kusema kitolewe vipi. Hesabu aliomba kazi huko si kwa ajili ya sifa. Alikuwa ameshapimwa, figo yake ikaonekana inamfaa baba yake. Bima ya duka la vipuri haimjui mzazi. Bima ya kampuni ile inamjua, na upasuaji wa kupandikiza umo ndani. Kwa hiyo akipata kazi, baba yake anapata figo. Hakuna mtu katika jengo letu aliyekuwa hajui hilo. Hata mlinzi alikuwa akimuuliza asubuhi, "Vipi, washasema?"

Usaili wao si wa kuulizwa umesoma wapi. Alivuka mmoja, akavuka wa pili, na kila mara ni jambo lile lile: unapewa biashara ya mtu, biashara ambayo hata mlango wake huujui, unaambiwa inaumwa, itibu. Una karatasi, kalamu, na msaili mbele yako.

Fundi alipoelezwa alicheka. "Kwa hiyo watakulipa kwa kutojua?"

"Kwa kutojua kwa mpangilio, Baba."

"Aa. Hiyo ni kazi kweli. Mimi nilikuwa sijui ovyo ovyo."

Rafiki yake mmoja aliyekwisha kuajiriwa mahali pengine alimfundisha mpangilio wenyewe. Kwanza rudia tatizo kwa maneno yako, ili muwe mnasema kitu kimoja. Pili muulize mwenye biashara anataka nini hasa, na kwa lini, maana anayelia faida imeshuka huenda anachotaka ni kuuza akapumzike. Tatu omba dakika ya kufikiri, uchore mti. Shina ni swali. Matawi ni sehemu za jibu, nayo yasipandane, na yakijumlishwa yasiache pengo. Kisha chagua tawi ambalo unadhani ndilo lenye ugonjwa, sema kwa nini, uombe takwimu zake. Takwimu zikikukatalia, liache, nenda kwingine bila kinyongo. Mwisho fupisha: jibu kwanza, sababu baadaye.

"Na jihadhari na mengineyo," rafiki yule alimwambia. "Tawi la mengineyo ni zulia. Watu wanafagilia chini yake vitu wasivyotaka kuvifikiria. Msaili mzuri atalifunua."

Akamwambia na jambo jingine. "Usiogope kesi usiyoijua. Iogope unayoijua. Hiyo utaacha kuuliza."

Alikuwa akifanya mazoezi nyumbani, na msaili wake alikuwa baba yake. Rafiki alimpa karatasi za kesi, upande mmoja swali, upande wa pili majibu, na Fundi ndiye aliyeshika upande wa majibu. Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Alivaa tai yake ya kustaafu juu ya pajama, miwani ameishusha puani, akawa anakohoa kidogo kabla ya kila swali kama alivyodhani mabwana wakubwa hufanya.

Jumapili ya mwisho kabla ya usaili nilikuwa kwao, nashona vifungo vya shati la Fundi. Mikono yake ilikuwa imeanza kuvimba na vifungo vya zamani vilikuwa vimekatika. Miguuni alikuwa na kandambili. Viatu vilikuwa havimwingii tena. Alisema ni joto.

"Karibu, binti," alisema kwa sauti ya bosi. "Keti. Tuna gazeti linalopelekwa majumbani. Wasomaji wanapungua. Tusaidie."

"Asante, Bwana Mkurugenzi. Naomba kuhakikisha nimeelewa. Mnauza gazeti kwa watu waliolipia kuletewa nyumbani, na idadi yao inashuka. Lengo ni kuwarudisha waliokwenda, au kupata wapya?"

Fundi alipindua karatasi. "Hawajaandika."

"Basi buni, Baba."

"Lengo ni waache kuondoka. Hatutaki wapya, wapya wana kelele."

Hesabu aliinama kwenye karatasi yake. Akachora. Kisha akaigeuza ili baba yake aione, kwa sababu alifundishwa karatasi izungumze na mwenye shida. "Wasomaji wanaoondoka nawagawa hivi. Waliohama mji. Waliokwenda gazeti jingine. Wanaosoma kwenye simu. Waliofariki. Na mengineyo."

Fundi aliutazama mti kwa muda mrefu, barafu inamwishia kinywani.

"Na aliyechoka na habari tu?"

"Nani?"

"Yupo mtu hajahama, hajafa, hana simu. Gazeti zuri, mletaji ana adabu. Lakini asubuhi moja anaamka anasema, mimi habari zimenitosha. Huyo yuko wapi hapa?"

"Huyo anaingia kwenye mengineyo, Baba."

"Mbona umemtupa mbali?"

"Kwa sababu hatuwezi kumfanyia chochote. Mwenye simu utampa gazeti la simuni. Aliyehama utamfuata. Huyu aliyechoka utampa nini? Nikimpa tawi lake ataniharibia mti."

"Haya," Fundi alisema, akaikunja karatasi ya majibu kwa uangalifu. "Bosi ni wewe. Mimi nimewekwa kwenye mengineyo." Akanigeukia. "Jirani, vifungo vyangu navyo umeviweka kwenye tawi gani?"

Tukacheka wote watatu.

Mwezi ule Fundi alirudi mapema kutoka kituoni mara tatu. Dereva anayempeleka alimshusha saa moja tu baada ya kumchukua. Kila mara alisema hivyo hivyo: mashine imeharibika, wamewaambia wasubiri siku nyingine. Hesabu alikasirika, alitaka kupiga simu kituoni. Fundi akamzuia. "Mashine ni mashine, mama. Mimi nimezikarabati miaka arobaini. Ukizipigia kelele haziponi. Wewe soma."

Jumanne ile asubuhi alimsindikiza binti yake mpaka mlangoni pa jengo, polepole, ameshika ukuta. "Ofisi iko ghorofa ya ngapi?"

"Ya kumi na moja."

"Lifti yao ikishtuka njiani usiogope. Kamba ni nyingi, na moja peke yake ingewabeba nyote. Nyingine zimewekwa kwa ajili ya moyo wa abiria tu."

Hesabu alimbusu kwenye paji la uso, akafungua mwavuli.

Yaliyotokea huko alinieleza mwenyewe baadaye, hatua kwa hatua, kama mtu anayekagua mahali kikombe kilipodondokea. Nami nayaandika jinsi alivyonieleza.

Chumba kilikuwa kidogo, meza ya duara, dirisha lenye matone. Msaili alikuwa mama wa makamo, nywele fupi, penseli nyuma ya sikio, chai yake imepoa. Hakuwa mkali. Alimuuliza kama njiani amelowa, akampa karatasi nyeupe, akaanza.

"Mteja wetu ana vituo tisa vya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Faida imekuwa ikishuka kwa miaka miwili. Mkurugenzi anataka kujua kwa nini, na afanye nini."

Hesabu anasema moyo wake uliruka. Hakuogopa, alifurahi. Alijiambia: hiki nakijua. Nakijua harufu yake, nazijua shuka zake. Bahati imenidondokea mapajani.

Alianza vizuri. Alirudia tatizo. Akauliza lengo: kurudi kwenye faida ya zamani, ndani ya mwaka mmoja na nusu. Akauliza kama ni vituo vyote; akaambiwa sita viko sawa, vitatu ndivyo vinavyovuta wenzake chini. Akaomba dakika. Akachora.

"Faida ni mapato kutoa gharama," alisema akigeuza karatasi. "Gharama nazigawa mbili. Zile zisizobadilika hata wagonjwa wakipungua, kama mashine, kodi na mishahara ya wauguzi. Na zile za kila kikao, kama vichujio na dawa. Mapato ni idadi ya vikao mara bei ya kikao. Idadi ya vikao nayo ni wagonjwa wangapi, na kila mgonjwa anakuja mara ngapi. Ningependa kuanza na mapato. Mashine na mishahara hulipwa vile vile hata kiti kikiwa kitupu, kwa hiyo vikao vikipungua kidogo faida huumia sana."

Msaili aliandika kitu. "Vizuri. Bei haijabadilika, inapangwa na bima. Wagonjwa katika vituo vile vitatu ni mia mbili na arobaini, hawajapungua."

"Kila mmoja anatakiwa mara tatu kwa wiki. Hivyo vikao mia saba na ishirini."

"Vinavyofanyika ni mia sita na kumi na viwili."

"Pungufu mia na nane. Asilimia kumi na tano." Hakuhitaji kikokotoo. "Basi tatizo si wagonjwa kuondoka. Wapo, lakini hawaji kila siku yao."

"Ndiyo. Kwa nini mgonjwa akose kikao?"

Hapo akachora mti mwingine, mdogo, haraka haraka, bila kuomba dakika. Upande wa kituo: mashine kuharibika, zamu zisizofaa. Upande wa mgonjwa: usafiri, kulazwa hospitali kwa ugonjwa mwingine. Na chini kabisa, mengineyo.

"Ungeanza wapi?"

"Mashine," alisema. "Nadhani mashine zinaharibika na hazitengenezwi kwa wakati."

Msaili alitazama karatasi zake. "Tumeangalia hilo. Kila kituo kina mashine za akiba. Katika mwaka mzima hakuna kikao kilichofutwa kwa sababu ya mashine."

Mpangilio unasema hapo uliache tawi, uende kwingine bila kinyongo. Hesabu alikuwa analijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini alisema, "Hapana. Zinaharibika."

"Takwimu za kituo zinasema..."

"Takwimu zinaweza kuwa na makosa. Mashine zinaharibika, mama. Najua zinaharibika."

Msaili aliitoa penseli sikioni, akaiweka mezani. Aliuliza kwa upole kabisa, "Umejuaje?"

"Baba yangu anasafishwa damu. Mwezi huu wamemrudisha mara tatu, kwa sababu mashine..."

Hakuimaliza. Anasema alilisikia neno linatoka, akalisikia linavyofika mezani. Vituo vina mashine za akiba. Akaona kandambili. Akaviona vifungo ninavyovishona.

Msaili alikuwa na karatasi moja mkononi, chati, ambayo kwa utaratibu alitakiwa kumpa mtahiniwa wakati huo. Akasita. "Tunaweza kusimama hapa," alisema. "Au nikupe kesi nyingine. Mtu akikutana na jambo linalomgusa, anaruhusiwa kusema."

"Naomba nimalize."

"Una hakika?"

"Naomba chati."

Ilikuwa ya milingoti mitano. Wagonjwa waliokosa vikao walikuwa wamepigiwa simu na kuulizwa sababu. Usafiri, ishirini kwa mia. Saa za zamu, kumi na tano. Kulazwa, kumi na tano. Sababu ndogo ndogo, kumi. Na mlingoti mmoja uliopanda juu ya mingine yote, arobaini kwa mia, chini yake imeandikwa: ameamua mwenyewe.

"Kwenye mti wako huyu yuko wapi?" msaili aliuliza. Hakuwa anamtega. Ndilo swali linalofuata, angemuuliza yeyote.

"Kwenye mengineyo," Hesabu alisema.

Aligeuza macho dirishani. Matone yalikuwa yakiteremka kwenye kioo. Mwishowe msaili alisema kwamba muda unakwisha, na kama kawaida amalizie. "Mkurugenzi ameingia lifti na wewe. Una nusu dakika mpaka chini. Utamwambia nini?"

Jibu zuri lilikuwepo, hata mimi ambaye niliishia sekondari nililiona aliponieleza. Jibu kwanza: faida inashuka kwa sababu katika vituo vitatu viti vinakaa vitupu, na sababu kubwa ni wagonjwa kuamua kutokuja. Kisha la kufanya: kaa nao, uwaulize kinachowachosha, urekebishe kinachorekebishika, huku usafiri na zamu vinashughulikiwa. Kisha mashaka yake: labda wengine hawatarudi.

Hesabu alisema, "Nitamwambia aweke basi dogo la kuwachukua majumbani. Na simu za kuwakumbusha."

"Hiyo ni ishirini kwa mia. Na arobaini?"

"Aweke basi," alisema tena.

Alirudi saa tisa mchana, nguo zimelowa mabegani, mwavuli ameusahau huko huko. Hakugonga kwangu kama kawaida yake. Niliusikia mlango wao, kisha kiti. Sikutega sikio. Lakini ukuta wetu nimeshausema.

"Lifti ilishtuka?" Fundi aliuliza.

"Baba, mashine iliharibika lini?"

"Mashine ipi?"

"Ya kituoni."

"Si nilikwambia. Jumatatu ile, na Ijumaa ile nyingine..."

"Wana za akiba."

"Nani kakwambia?"

"Mkurugenzi wa vituo tisa."

"Unamjua wapi mtu mkubwa hivyo?"

"Ni wa kubuniwa, Baba. Hayupo. Hata vituo vyenyewe havipo. Lakini wana za akiba."

Fundi alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeshikwa shati. "Basi wewe ni hatari. Unamkamata baba yako kwa ushahidi wa mtu ambaye hayupo."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nafika pale, wananiketisha, wanaandaa sindano. Halafu namwambia nesi, leo sitaki. Ananisihi, ni mtoto mzuri yule. Nasema nitarudi kesho kutwa. Dereva ananirudisha." Akavuta pumzi. "Sikufanya kila siku. Siku moja moja. Nilitaka kuionja siku isiyokuwa na mashine."

"Ungeniambia."

"Nilikuuliza Jumapili. Mtu aliyechoka na habari yuko wapi? Ukanijibu."

Hapo Hesabu alilia, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa chaki. "Nilidhani ni gazeti! Baba, nilidhani unacheza!"

"Nilikuwa nacheza pia," Fundi alisema. "Usilie, mama. Ningekuambia vipi? Unakimbia kutoka dukani unaingia kwenye karatasi, unakula umesimama. Nikasema nimwache amalize mtihani wake kwanza. Halafu hiyo figo yako, mimi siitaki. Mara ngapi nimekwambia?"

"Hujaniambia hata mara moja."

"Basi nilikuwa naiambia mito. Leo nimekuambia wewe."

Wakabishana. Siwezi kuandika yote, mengine si ya kuandikwa. Binti alisema utakwenda kesho hata ikibidi nikubebe. Baba akasema jaribu, nimevimba, nina uzito wa watu wawili. Binti akasema nikikosa kazi hii nitatafuta nyingine, kampuni zipo. Baba akasema zipo, lakini baba yako ni mmoja na hujamuuliza kitu. Hapo simu ikalia.

Alikuwa msaili mwenyewe. Hakutuma mtu. Alisema kwamba mpaka nusu ya kwanza Hesabu alikuwa miongoni mwa watu bora aliowahi kuwasaili mwaka huo. Lakini alishikilia dhana yake mbele ya takwimu, na mwishoni akashauri dogo huku kubwa liko mezani, na mbele ya mteja hayo mawili ni mazito. Hawataweza kumchukua safari hii. Mwaka ujao anaweza kuomba tena. Kisha akasema, kwa sauti nyingine, "Pole kwa baba. Mpe salamu zangu."

Hesabu aliweka simu chini. "Anakusalimu," alisema.

"Mkurugenzi?"

"Msaili."

"Ana adabu," Fundi alisema. "Umekosa?"

"Nimekosa."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya mti wangu. Nilikuwa na pengo."

Jioni ile hawakupika. Niliwapelekea chakula, nikakikuta asubuhi kimefunikwa vile vile.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, mvua ilikuwa imekata na ngazi zilikuwa zinakauka. Ilikuwa siku ya mashine. Hesabu aliamka kama kila Jumatano, akavaa nguo za kazini, akakuta mkoba mlangoni. Usiku alikuwa ameuweka kwa mazoea. Hakuuchukua. Alivuta kigoda mpaka kitandani kwa baba yake, akampa kipande cha barafu, akamuuliza lile swali la pili katika mpangilio wake, ambalo hulitanguliza kwa kila mkurugenzi wa karatasi na ambalo mtu wa nyumbani mwake alikuwa hajaulizwa.

"Baba, unataka nini hasa?"

Hakuwa na karatasi. Fundi alisema kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, na huko sikusikia kitu, wala sikuuliza baadaye. Ninachojua ni walichokubaliana: Ijumaa watakwenda wote wawili, si kwenye mashine kwanza, bali kwa daktari, Fundi amwambie mwenyewe kwa kinywa chake, na wasikie kilichobaki ni nini na kina urefu gani.

Kisha akatoka koridoni kupiga simu kituoni, kwa sababu ndani mtandao hukatika. Nilikuwa nafagia mlangoni kwangu. Alisema jina la baba yake, akasema leo haji.

Msichana wa upande wa pili alikuwa na sauti kubwa, nilimsikia. "Sababu niandike nini, dada? Usafiri?"

"Hapana."

"Amelazwa?"

"Hapana."

"Basi nimtie kwenye mengineyo?"

Hesabu aliegemea ukuta, macho ameyafumba.

"Hapana," alisema. "Andika ameamua mwenyewe."

Akakata simu. Akarudi ndani, akauchukua mkoba mlangoni, akatoa redio, na punde nikaisikia ukutani ikisoma habari za asubuhi.